Shangazi, mkataba nimeusoma mara tatu. Nisaini?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja wilayani Manyoni, huu ni mwaka wangu wa tatu kazini. Naomba unijibu mapema, maana Ijumaa nimeitwa kwenda kusaini mkopo.

Shuleni kwetu kuna kaka anayefundisha Jiografia. Mwaka jana alikopa milioni 3 kwa kampuni moja ya mikopo, miezi 24, riba asilimia 3 kwa mwezi. Amelipa 215,000 kila mwezi kwa miezi 10 bila kukosa. Mwezi uliopita yakaingia malimbikizo yake ya kupanda daraja, akaenda kwa furaha kufunga deni. Wakamwambia alete 3,010,000. Yaani amelipa zaidi ya milioni 2, na bado anadaiwa kuliko alichokopa! Alipobisha, wakamfungulia ukurasa wa nne wakamwonyesha sentensi moja, na saini yake chini. Siku hizi hakai nasi ofisini. Anakaa peke yake chini ya mwembe na daftari la maandalio, na halifungui.

Na mimi nilishaomba hapo hapo 2,400,000 ninunue pikipiki, kwa sababu nakaa kilomita 14 kutoka shuleni. Ni miezi 12, rejesho 272,000. Mshahara wangu wa msingi ni 780,000. Baada ya kodi, PSSSF, bima ya afya, chama na Bodi ya Mikopo unaingia 520,800. Baada ya yaliyomkuta kaka niliomba nakala ya mkataba nikausome nyumbani. Afisa mikopo hakupenda lakini alinipa. Nimeusoma mara tatu nikiwa na kalamu nyekundu, na hivi ndivyo vifungu vinavyoninyima usingizi:

Cha 4: "Riba itakuwa asilimia 3 kwa mwezi ya kiasi cha mkopo."
Cha 5: ada ya fomu 20,000, ya uchakataji asilimia 3 na bima asilimia 2 "zitakatwa kabla ya fedha kutolewa".
Cha 7: "Mkopaji akichelewesha rejesho kwa sababu yoyote ile atatozwa asilimia 5 ya kiasi chote kilichobaki kwa kila wiki."
Cha 11: "Mkopaji anayetaka kumaliza mkopo kabla ya muda atalipa marejesho yote yaliyobaki."
Cha 14: nikabidhi kadi ya benki pamoja na namba ya siri mpaka deni liishe.

Nilipomuuliza afisa, alisema cha 7 ni maneno ya kuogopesha tu, hawayatumii, na kwamba habari ya theluthi ya mshahara wao haiwahusu. Je, nisaini? Na huyu kaka bado ana pa kutokea?

Mwalimu wa Manyoni

*

Marahaba mwanangu. Usisaini Ijumaa. Mpigie huyo afisa kesho, mwambie kwa heshima kwamba bado unausoma.

Nimekaa miaka 9 nyuma ya meza ya mikopo katika SACCOS ya watumishi, kwa hiyo najua saini inavyochukuliwa. Afisa anakuwa ameshaweka alama ya penseli pale pa kusaini kwenye kila ukurasa. Anazishika karatasi kwa kidole gumba na kuzikunjua kidogo kwenye kona ya chini, huku anakuuliza habari za shule. Unachokiona ni kona tu. Dakika mbili zimekwisha, na ukurasa wa nne umepita bila jicho lako kuugusa. Wewe umeomba nakala ukaenda nayo nyumbani, na ukaandika vifungu neno kwa neno. Ndiyo maana leo ninaweza kukujibu kwa hesabu.

Tuanze na cha 4, kwa sababu vingine vyote vimeegemea hapo. Wewe ni mwalimu wa lugha, basi yatazame maneno manne ya mwisho: "ya kiasi cha mkopo". Hayakusema "ya salio la mkopo". Tofauti ya maneno hayo ndiyo tofauti ya fedha zako. Riba inayopigwa kwenye kiasi cha mkopo tunaiita riba ya moja kwa moja. Kila mwezi watapiga asilimia 3 ya 2,400,000, yaani 72,000, kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa kumi na mbili, kana kwamba hujawahi kurudisha hata senti. Riba ya salio linalopungua hupigwa kwenye deni lililobaki mkononi mwako mwezi huo, kwa hiyo inashuka kadiri unavyolipa.

Chukua daftari uone kwa macho. Katika rejesho lako la 272,000, fungu la 200,000 ni deni la msingi na 72,000 ni riba. Mwezi wa kwanza unadaiwa 2,400,000, na 72,000 kweli ni asilimia 3. Mwezi wa saba deni la msingi lililobaki ni 1,200,000, riba bado 72,000. Hapo ni asilimia 6. Mwezi wa kumi na mbili umebakiza 200,000 tu, na bado unatoa riba ya 72,000. Hiyo ni asilimia 36 ya unachodaiwa.

Mkopo huohuo, kwa asilimia 3 hiyohiyo, ukipigwa kwa salio linalopungua, rejesho linakuwa kama 241,100 kwa mwezi. Jumla ya riba kwa mwaka inakuwa karibu 493,000 badala ya 864,000. Zinapungua takribani 370,000, na hakuna aliyekupunguzia asilimia hata moja. Kwa hiyo mtu akikutajia riba bila kusema inapigwa kwenye nini, hajakutajia bei.

Kifungu cha 5 kinaongeza mzigo kimyakimya. Fomu 20,000, uchakataji 72,000, bima 48,000: jumla 140,000. Utatoka pale na 2,260,000, lakini riba itapigwa kwenye 2,400,000. Nimeipiga hesabu yote kwa pamoja, fedha utakazoshika mkononi dhidi ya marejesho 12 utakayotoa, kwa njia ya salio linalopungua. Riba halisi inatoka zaidi kidogo ya asilimia 6 kwa mwezi. Bango lao linasema 3. Tena angalia ukurasa wa kusaini kama kuna sentensi ya "nakiri kupokea shilingi 2,400,000". Kama ipo, isahihishwe iandikwe kiasi kamili utakachopokea na kila ada kwa jina lake, maana siku ya ugomvi karatasi ndiyo itakayosema. Na hiyo bima, omba uandikiwe inalipa nini: ni deni kufutwa mkopaji akifariki, au akipata ulemavu, au akipoteza kazi? Nimeona watu wakikatwa bima ambayo hakuna aliyewahi kuwaonyesha karatasi yake.

Sasa cha 11, kilichomkamata mwenzako. Milioni zake 3 kwa riba ya moja kwa moja zilizaa 90,000 kila mwezi. Katika rejesho la 215,000, lililokuwa likipunguza deni la msingi ni 125,000 tu. Baada ya miezi 10 deni la msingi lilibaki 1,750,000. Ile 1,260,000 ya juu yake ni riba ya miezi 14 ambayo haijafika. Wamemtoza riba ya muda ambao fedha zao hatakuwa nazo. Mtu wa kawaida anaamini kwamba kulipa mapema ni kuokoa riba, na kwenye mkopo wa salio linalopungua imani hiyo ni sahihi. Kwenye mkataba wenye kifungu cha namna hii, kulipa mapema hakumpunguzii mkopaji kitu; mwenye kufaidika ni mkopeshaji, anayezipata fedha zake mapema na kumkopesha mwingine.

Kwa mkopo wako ingekuwa hivi: ukitaka kufunga baada ya marejesho 6, kifungu cha 11 kinadai 1,632,000. Kwa salio linalopungua, kwa riba hiyohiyo, ungedaiwa kama 1,306,000. Na mwalimu hupata fedha za mkupuo zaidi ya watumishi wengi: malimbikizo, posho ya kusahihisha mitihani, posho ya kusimamia. Kwa mtu kama wewe kifungu cha kufunga mkopo kina uzito kuliko hata riba yenyewe.

Cha 7 na cha 14 usivisome mbalimbali. Visome pamoja, na hapo ndipo mimi nilipoogopa. Cha 14 kinamfanya mkopeshaji ashike kadi yako. Yeye ndiye atakayekwenda kwenye mashine kutoa fedha mshahara ukiingia. Cha 7 kinakuadhibu wewe rejesho likichelewa "kwa sababu yoyote ile". Mshahara ukichelewa, unaadhibiwa. Mashine ikiwa mbovu siku tatu, unaadhibiwa. Kijana wao akisahau kwenda kutoa fedha, ukiyafuata maneno yalivyoandikwa, unaadhibiwa wewe.

Na adhabu yenyewe ipime. Tuseme umechelewa rejesho la tatu. Umeshalipa mawili, yamebaki kumi, sawa na 2,720,000. Asilimia 5 ya hapo ni 136,000 kwa wiki moja, nusu ya rejesho lako zima. Kama wangeandika "asilimia 5 ya rejesho lililochelewa", ingekuwa 13,600. Mara kumi, kwa sababu ya neno "chote". Mimi binafsi hiki ndicho kifungu ningekikataa hata kama vingine vyote vingerekebishwa, kwa sababu kinaweza kumeza mshahara mzima bila wewe kufanya kosa lolote.

Afisa anasema hawakitumii. Nakuamini kwamba alisema, na huenda hata yeye anaamini. Lakini tazama kurasa za mwisho: mikataba mingi ina sentensi inayosema makubaliano haya ndiyo kamili na yanafuta maelezo yote ya awali yaliyotolewa kwa mdomo. Kama ipo kwenye wako, maneno yake yote ya ofisini yanafutika dakika unaposaini. Jibu lako liwe fupi na la adabu: "Kama hakitumiki, naomba tukikate kwa kalamu, mimi nisaini pembeni na wewe usaini pembeni." Namna atakavyolipokea ombi hilo itakuonyesha kama kweli hakitumiki.

Kuhusu kadi, namba ya siri ni ya mwenye akaunti peke yake. Ukimpa mtu, kisha fedha zikatoka nyingi kuliko mlizokubaliana, benki itakuuliza swali moja tu: nani alikuwa na namba yako? Hapo huna dai. Wenzako wengi wamejikuta wanapanga foleni nje ya ofisi ya mkopeshaji mwisho wa mwezi, wakisubiri kupewa kilichobaki cha mshahara wao wenyewe. Sisi tunaijua kwa jina la kausha damu.

Na sababu ya kutaka kadi badala ya kupitia kwa mwajiri unaiona kwenye takwimu zako mwenyewe. Mtumishi wa umma anatakiwa abaki na theluthi ya mshahara wa msingi baada ya makato yote. Kinga hiyo imo katika sheria ya mwaka 1970, si huruma ya afisa utumishi. Theluthi ya 780,000 ni 260,000. Sasa unaingiziwa 520,800. Ukitoa 272,000 unabaki na 248,800. Umevuka mstari kwa 11,200. Mkopo huu ungepelekwa kukatwa kwenye mshahara, ungegonga ukuta. Kwa hiyo wameupitishia kwenye kadi. Aliposema theluthi haiwahusu, alikuwa anakueleza kwamba wamepata njia ya kuizunguka kinga yako.

Lakini tazama na upande wa pili. Kwa salio linalopungua rejesho lilikuwa 241,100, na hapo unabaki na 279,700. Inaingia ndani ya theluthi. Maana yake pikipiki yako haijashindikana. Kilichoshindikana ni mkataba huu. Nenda kwanza kaulize SACCOS ya walimu ya wilaya yenu na benki inayopitishia mshahara wako, kisha uangalie mikopo inayoombwa kupitia mfumo wa ESS, ambako makato yanapimwa na theluthi kabla ya kupita. SACCOS huenda ikakutaka uweke akiba miezi kadhaa kabla ya kukukopesha. Najua kilomita 14 kila siku si mchezo, lakini miezi hiyo ni ya kuvumilia kuliko mwaka mzima bila kadi yako.

Popote utakapokwenda, kabla ya kuuliza riba ni asilimia ngapi, omba ratiba ya marejesho ya miezi yote, iliyochapwa. Itakuwa na safu za tarehe, rejesho, deni la msingi, riba na salio. Weka kidole kwenye safu ya riba ushuke nayo. Kama tarakimu ni ileile kutoka juu mpaka chini, hiyo ni riba ya moja kwa moja, hata wakuitie jina gani. Kama inashuka kila mwezi, ni ya salio linalopungua. Halafu uliza swali moja na jibu liandikwe: "Nikija kufunga mkopo baada ya rejesho la sita, nitalipa shilingi ngapi?" Linganisha jibu na safu ya salio mwezi huo. Ikiwa kuna ziada, waulize ni ya nini.

Kama ukiamua kurudi kwa kampuni hiyohiyo, kwanza uliza leseni. Wakopeshaji wasiopokea amana wako daraja la pili chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, leseni yao inatolewa na Benki Kuu, na orodha ya wenye leseni imewekwa kwenye tovuti ya Benki Kuu. Jina lililoko kwenye mkataba lifanane na lililoko kwenye orodha, herufi kwa herufi. Jina la kwenye kibao cha nje halitoshi.

Nimekuja kwa kaka yako wa Jiografia, na hapa sitakuficha ukweli. Saini yake ina nguvu, na kusema "sikusoma" hakutamsaidia sana. Ila asikubali mambo mawili. Asikubali mkopo wa nyongeza, ambao bila shaka wataanza kumsogezea sasa. Wakimpa mkopo mpya na kukata ile 3,010,000 humo ndani, ile riba ya miezi 14 isiyofika itageuka kuwa deni la msingi, na itaanza kuzaa riba yake yenyewe. Na asikubali kutumia malimbikizo yake kufunga deni leo kwa kiasi hicho. Kama hakuna punguzo, hakuna sababu ya kuharakisha. Afadhali fedha hizo akae nazo kwenye akiba na alipe kila mwezi kama ratiba inavyosema, asije akaingia kwenye adhabu.

Aombe kwa maandishi taarifa kamili ya mkopo inayoonyesha kila rejesho alilotoa na lilivyogawanywa. Ailinganishe na taarifa ya benki yake, tarehe kwa tarehe. Nimewahi kuona rejesho lililotolewa tarehe 25 likaandikwa tarehe 2 ya mwezi uliofuata, na adhabu ikapigwa juu yake. Kama na yeye waliichukua kadi, asikimbilie benki kuifunga bila taarifa, kwa sababu rejesho likikosekana kifungu cha 7 kitamwangukia. Awaandikie kwanza kwamba atalipa mwenyewe kwenye akaunti ya kampuni kila mwezi kabla ya tarehe ya mwisho, kisha abadili namba ya siri, aombe kadi mpya, na atunze stakabadhi ya kila malipo.

Halafu aandike malalamiko kwa kampuni yenyewe, aeleze kwamba anatozwa riba ya muda ambao hatautumia, na aombe ipunguzwe. Wapo wakopeshaji wanaokubali kupunguza wakiona mtu ana karatasi zake mkononi, ingawa siwezi kumwahidi kwamba hawa watakubali. Wakikaa kimya au wakikataa, Benki Kuu inapokea malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha, lakini itataka kuona kwamba alianza kwa mtoa huduma. Kwa hiyo barua iwe nakala mbili: moja aiache pale mapokezi, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, aondoke nayo. Mwende pamoja, mwanangu, na hiyo kalamu yako nyekundu.

Shangazi